Data inaonyesha au data zinaonyesha?

*"Shikamoo mwalimu. Katika sura ya nne ya tasnifu yangu nimeandika hivi: 'Data iliyokusanywa kutoka redio tatu zinaonyesha kuwa media ina mchango mkubwa katika kueneza istilahi mpya, na kriteria iliyotumika kuziteua ni tatu.' Msimamizi wangu amezungushia duara data, media na kriteria, akaandika pembeni: 'Haya yote ni wingi kwa Kilatini. Rekebisha.' Mwenzangu naye anasema neno la mkopo hubaki umoja siku zote. Nimfuate nani?"*

Marahaba. Katika sentensi hiyo, data iende na wingi: "data zilizokusanywa zinaonyesha". Kriteria nayo iende na wingi: "kriteria zilizotumika ni tatu". Media inaweza kubaki na umoja kama ulivyoandika, na sarufi haitakudai kitu, ila utakuwa umedai jambo ambalo redio tatu haziwezi kulibeba. Nitalifikia hilo. Kwa hiyo msimamizi wako amepatia mawili kati ya matatu, lakini sababu aliyoiandika pembeni siyo inayoyafanya yawe sahihi, na ukiishika sababu hiyo itakupoteza kwenye sentensi inayofuata. Mwenzako naye ana kanuni ambayo Kiswahili hakiijui.

Tuanze na Kilatini, kwa kuwa ndicho kilichotajwa. Ni kweli kwamba "data" ni wingi katika Kilatini. Maana yake ni "vilivyotolewa", na umoja wake ni "datum". Ni kweli pia kwamba "media" ni wingi wa "medium", kitu kilicho katikati, kinachounganisha huku na kule. "Kriteria" si ya Kilatini kwa asili, ni ya Kigiriki, kutoka kitenzi chenye maana ya kupambanua au kuhukumu, na umoja wake ni "kriterion". Yote matatu yalitufikia kupitia Kiingereza, na huko kwenyewe waandishi hawajaafikiana: data inaandikwa kwa umoja na kwa wingi, huku wahariri wengi wakiendelea kusisitiza kwamba kriteria ni wingi. Mabishano hayo yamesafiri pamoja na maneno yenyewe hadi kwenye pambizo za tasnifu zetu.

Lakini neno likiingia katika Kiswahili, wingi wake wa kwao haliji nao. Angalia "malaika". Kwa Kiarabu hilo ni wingi. Umoja wake ni "malak". Sisi tulichukua umbo la wingi na leo tunasema "malaika ameshuka" na "malaika wameshuka", na hakuna anayesahihishwa kwa kusema "malaika mmoja". Angalia "kitabu". Waarabu wanasema "kutub" kwa wingi. Sisi tulisikia "ki" mwanzoni, tukaichukulia kama kiambishi chetu, tukapata "vitabu". Na angalia "ajenda", ambalo ni ndugu wa damu wa data: kwa Kilatini ni wingi, "mambo ya kutendwa". Msimamizi wako, naamini, huandika "ajenda ya kwanza imejadiliwa" bila kusita. Kama wingi wa Kilatini ungekuwa sheria kwetu, sentensi hiyo ingekuwa kosa, na si kosa.

Kiswahili kina njia yake ya kuonyesha idadi, na ndiyo iliyokukwaza. Maneno yako yote matatu yamepangwa katika ngeli ya I-ZI, pamoja na barua, kompyuta, picha na habari. Nomino za ngeli hii hazibadiliki sura. Barua ni barua, iwe moja au mia. Idadi haiko kwenye nomino, iko kwenye maneno yanayoizunguka. Na si yote. Vivumishi vya kawaida havikusaidii hata kidogo, kwa sababu "data mpya", "data nyingi" na "data nzuri" ni vilevile katika umoja na wingi. Idadi inajitokeza kwenye kitenzi (inaonyesha, zinaonyesha), kwenye kirejeshi (iliyo-, zilizo-), kwenye kiunganishi cha umilikaji (ya, za), kwenye kionyeshi (hii, hizi), kwenye "yote" na "zote", "yenye" na "zenye", na kwenye kile kiambishi kidogo cha mtendwa ndani ya kitenzi: nimeichambua, nimezichambua.

Sasa rudi kwenye sentensi yako usome polepole. Umeandika "data iliyokusanywa", halafu maneno matatu mbele ukaandika "zinaonyesha". Nomino ni moja, lakini umeipa umoja upande mmoja na wingi upande wa pili. Hilo ndilo kosa la wazi kuliko yote katika sentensi yako, na duara la msimamizi halikuligusa, kwa kuwa lilizunguka nomino badala ya viambishi. Hata ungeamua kwamba data ni umoja, sentensi ingebaki na kosa. Na chanzo chake kinaonekana: kabla ya kitenzi kuna "redio tatu", na sikio lako lilipofika hapo likafuata wingi wa redio. Kama hiyo tatu isingekuwepo, huenda ungeandika "inaonyesha" bila kujua umeamua nini.

Kwa hiyo swali si kama data ni umoja au wingi. Swali ni kama katika sentensi hii unaihesabu au unaichota. Kiswahili kimezoea jambo hili tangu zamani. Neno "fedha" likiwa madini, tunasema "fedha hii inang'aa", maana tunazungumzia kitu kisichogawanyika vipande. Likiwa pesa, tunasema "fedha zimeingia". Nomino ni ileile na ngeli ni ileile, lakini mtazamo wa msemaji umebadilika. Sukari ya ngeli hiyohiyo haihesabiwi kabisa, ndiyo maana "sukari imeisha" inatosha na "sukari zimeisha" inatusumbua masikioni.

Data inacheza pande zote mbili. Mtu aliyeishiwa kifurushi kwenye simu husema "data imeisha", na yuko sahihi, kwa sababu anaichukulia kama maji kwenye mtungi: imepungua, imebaki kidogo, imekwisha. Anayeshughulika na mashine zinazohifadhi taarifa naye anaweza kuandika "data huhifadhiwa ikiwa imefungwa kwa nenosiri" akimaanisha shehena nzima. Lakini wewe ulifanya nini? Ulikaa ukasikiliza redio tatu, ukaandika istilahi moja baada ya nyingine, kila moja na kipindi chake, tarehe yake na mtangazaji aliyeitamka. Unaweza kuzihesabu. Unaweza kuondoa moja ukasema imekosewa. Katika sura ya tatu, bila shaka, umeandika kwamba baadhi zilitoka kwenye vipindi na nyingine kwenye mahojiano. Hizo ni data zinazohesabika, na "zilizokusanywa zinaonyesha" ndiyo inayozieleza vizuri.

Kama mtu angeandika katika tasnifu yake "data iliyokusanywa inaonyesha", umoja mwanzo hadi mwisho, nisingemkatia alama. Matumizi hayo yapo, yanaeleweka, na wapo waandishi makini wanaoyashika. Nisichokubali ni kuchanganya. Ukiamua kuichukulia kama shehena, basi iwe "data hii", "data yote", "niliichambua", "iligawanywa", kurasa zote. Ukiamua kuihesabu, iwe "hizi", "zote", "nilizichambua", "ziligawanywa". Nikushauri kimoja, nakushauri wingi, kwa sababu kazi yako ni ya kuorodhesha na kuhesabu, na mapema au baadaye utataka kusema "data tano kati ya hizo", ambako umoja utakukatalia. Na ukitaka kutaja moja tu, usitafute namna ya kuliswahilisha lile "datum". "Data moja" inatosha, au sema jina la kitu chenyewe: istilahi moja, jibu moja, rekodi moja.

Tukija kwenye media, hapa ndipo upatanisho unapoacha kuwa suala la viambishi tu. "Media ina mchango mkubwa" ni Kiswahili sawia. Media hapo imechukuliwa kama tasnia nzima, kitu kimoja kikubwa, kama tunavyosema "serikali imesema" ingawa serikali ni watu wengi. Ungeandika "media zina mchango", ungekuwa unataja vyombo kimoja kimoja. Zote mbili zinakubalika kisarufi, na kisarufi pekee siwezi kukuchagulia. Lakini soma tena ulichofanyia utafiti: redio tatu. Hukusikiliza televisheni, hukusoma magazeti, hukuingia mitandaoni. Ukisema "media ina", umezungumzia tasnia yote kwa ushahidi wa redio tatu. Mtahini makini atakuuliza hapo hapo, na hatakuuliza kuhusu ngeli. Ile "i" moja imebeba dai kubwa kuliko data zako. Ungelazimika kuandika wingi na kionyeshi, "media hizo zina", ungejikuta unauliza: hizo zipi? Na jibu lingekurudisha kwenye redio zako tatu.

Ndiyo sababu napenda "vyombo vya habari" kuliko "media" katika maandishi ya kitaaluma. Siyo kwa chuki ya mkopo. "Habari" yenyewe ni mkopo. Ni kwa sababu "chombo" na "vyombo" vinaonyesha idadi kwenye nomino yenyewe, kwa hiyo vinakulazimisha uamue mapema. Ila vina mitego miwili ambayo nimeiona katika kazi nyingi mno nilizohariri. Wa kwanza ni jirani. Mwandishi anaanza na "vyombo vya habari", kisha anaandika "zimeripoti". Kitenzi kimekifuata "habari" kwa kuwa ndicho kilicho karibu, wakati mwenye sentensi ni "vyombo". Inapaswa kuwa "vyombo vya habari vimeripoti", na kwa umoja "chombo cha habari kimeripoti". Ukitaka kujipima, ondoa "vya habari" usome kilichobaki. "Vyombo zimeripoti" hakuna anayeweza kuitamka bila kushtuka.

Mtego wa pili ni watu. Tunapotaja vyombo vya habari tunawaona waandishi na watangazaji, na ulimi unatoka na "vyombo vya habari wamesema" au "media wamesema". Katika mazungumzo inapita. Katika tasnifu haipiti, kwa sababu upatanisho wa A-WA ni wa viumbe, na chombo si kiumbe hata kama ndani yake kuna watu hamsini. Ukiwakusudia watu, wataje: watangazaji wamesema, wahariri wamekataa.

Kriteria haina utata mwingi. Umeandika "kriteria iliyotumika ni tatu". Tatu umeziandika mwenyewe; umoja hauna pa kukaa. Kosa hili halikuonekana haraka kwa sababu "ni" haibadiliki. Laiti ungetumia kitenzi chochote chenye kiambishi, "kriteria iliyotumika zilikuwa tatu", ungelisikia kosa likigonga. Inapaswa kuwa "kriteria zilizotumika ni tatu". Ukitumia "vigezo", neno ambalo wasomaji wengi wanalijua zaidi, kumbuka kwamba idadi nayo inachukua kiambishi: "vigezo vilivyotumika ni vitatu", siyo "vigezo tatu". Wanaozoea kuandika kriteria tatu, njia tatu, hatua tatu, wanapohamia kwenye vigezo husahau hiyo "vi", na ni kosa ninalolikuta hata kwenye majedwali. Na jihadhari na "kila". "Kila kriteria" huenda na umoja, hata kama kriteria ziko kumi: "kila kriteria ilipewa alama zake", siyo "zilipewa".

Liko jambo jingine katika sentensi yako ambalo hukuniuliza, lakini limetokana na hilihili. Umeandika "kuziteua". Hizo "zi" ni zipi? Ni data? Ni redio? Ni istilahi? Nomino zote hizo ziko katika I-ZI, na zote ziko katika wingi, kwa hiyo "zi" moja inaweza kumuelekeza msomaji kokote. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani umeteua redio kwa kriteria tatu, kwa kuwa ndilo jambo ambalo mtafiti hulieleza kwa kawaida. Niliposoma mara ya pili nikaona istilahi ziko karibu zaidi. Bado sijui. Hii ndiyo hasara ya ngeli inayopokea maneno mengi mageni yasiyo na uhai: viambishi vyake vinakuwa na wenyewe wengi. Dawa yake ni kuivunja sentensi na kuirudia nomino waziwazi.

Ningeiandika hivi, kama ulichoteua ni istilahi: "Data zilizokusanywa zinaonyesha kuwa redio hizo tatu zina mchango mkubwa katika kueneza istilahi mpya. Istilahi zilizochambuliwa ziliteuliwa kwa vigezo vitatu." Kama ulichoteua ni redio, badilisha sentensi ya pili iwe: "Redio zenyewe ziliteuliwa kwa vigezo vitatu." Utaona media imetoweka kabisa. Irudishe kwenye sura ya mwisho, pale utakapojadili kama matokeo ya redio yanaweza kusemwa kuhusu vyombo vingine vya habari, na hapo utakuwa na haki ya kuchagua kati ya "ina" na "vina" ukijua unachokidai.

Kuhusu kusahihisha tasnifu nzima, nikuonye juu ya njia ya mkato. Miaka ya nyuma nilihariri kazi ndefu iliyochanganya umoja na wingi wa data kama yako. Nikatafuta "data ya" kwenye kompyuta nikabadilisha zote kuwa "data za" kwa pigo moja. Viunganishi vilibadilika, vitenzi vikabaki nyuma. Sentensi iliyokuwa sahihi kwa umoja, "data ya mahojiano ilichambuliwa", ikawa "data za mahojiano ilichambuliwa". Nilikuwa nimeongeza makosa badala ya kuyaondoa, na ilinichukua siku mbili kuyafukua. Kwa hiyo tafuta neno "data" peke yake, simama kila linapotokea, na ufuate kwa kidole hadi kwenye kitenzi chake, hata kama kiko mistari miwili mbele. Kisha endelea hadi sentensi inayofuata, kwa sababu kosa hupenda kujificha kwenye kitenzi kisichotaja nomino tena: "Data zilikusanywa kwa wiki sita. Baadaye iligawanywa katika makundi." Hiyo "iligawanywa" haitakamatwa na utafutaji wa neno lolote, na hata kikagua tahajia hakitaiona, maana kama neno haina kasoro.

Kwa msimamizi wako, usiende na hoja ya malaika na ajenda kwanza. Mpelekee sentensi iliyosahihishwa. Data na kriteria zake atazikuta katika wingi aliotaka. Akiuliza media imekwenda wapi, mwambie kwamba ulisikiliza redio tatu.